Dole la Madam Pointi

Nyie mnaoshika chaki leo, naomba niwasimulie habari ya sifuri niliyoitoa mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na jinsi ilivyonirudia. Nimestaafu, magoti yananiuma, chai nakunywa bila sukari kwa amri ya daktari, lakini nikiigusa habari hii damu inachemka kama ndiyo kwanza napangiwa kituo. Kwa hiyo msishangae nikirukaruka.

Nimefundisha historia sekondari zaidi ya miaka thelathini, nusu Kilosa, nusu Mikumi. Mimi ni mtoto wa vilimani. Babu yangu mzaa baba alisoma misheni, akawa mwalimu wa misheni, na picha yake, amevaa suti na tai katikati ya migomba, ilining'inia sebuleni kwetu juu ya redio. Nilikua nikiamini kwamba uhuru uliletwa na watu wa kufanana na ile picha. Hilo mliweke akilini, maana kosa lenyewe lilianzia pale ukutani.

Wanafunzi waliniita Madam Pointi. Insha isiyo na pointi sita kwangu haikuwa insha. Kwa nini wakoloni walikuja? Pointi sita. Kwa nini waliondoka? Pointi sita. Nilikuwa nazigonga mezani kwa rula moja moja, na darasa zima linaitikia. Wakaguzi walinipenda sana.

Sasa kuna jambo moja la kazi ambalo hakuna chuo kitakachowafundisha: mwanafunzi anaweza kuikariri pointi yako neno kwa neno na asijue unazungumzia nini. Mimi nililijua kwa sababu ya matuta. Enzi hizo historia tulifundisha kwa Kiingereza, ila nikiona macho yamekuwa mazito nachomekea Kiswahili kidogo. Nikawaambia Kidato cha Nne wa Mikumi kwamba wakulima wa milimani waligombana na serikali ya kikoloni kwa sababu ya kulazimishwa matuta. Nikaendelea na mambo yangu. Kwenye jaribio, kijana mmoja, wala si mjinga, akaandika kwa Kiingereza chake safi kwamba wananchi walikasirika kwa sababu mkoloni aliwawekea matuta barabarani na magari yao yakawa yanaharibika springi.

Mkiwa wageni wa Mikumi mtasema ni mjinga. Lakini mtoto wa Mikumi amezaliwa kando ya barabara kuu, anayoyajua ni matuta ya kupunguza mwendo ili malori yasigonge tembo na watu. Matuta ya kukatwa kwenye mteremko kwa jembe, kwa zamu, kwa kulazimishwa, huku shamba lako mwenyewe linaota magugu, hajawahi kuyaona. Ofisi ya walimu tulicheka mpaka tukashika mbavu. Karatasi ile tuliibandika kwenye kabati. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni nani aliyeshindwa pale.

Katika jaribio hilohilo ndimo ilimokuwa karatasi ya mwanafunzi aliyeitwa Tatu.

Tatu alikuwa msichana mwembamba, mkimya, mwenye mwandiko wa kuinamia kushoto. Wazazi wake walikuwa wakiuza vitunguu vya Malolo pale stendi ya Mikumi. Swali langu la insha lilikuwa hili: eleza kwa nini utaifa katika makoloni ulianzia kwa wasomi wa shule za misheni. Nilikuwa nimewapa pointi zote sita, na mwisho wa somo nikaongeza kwa Kiswahili, makusudi, ili iingie: "Wasomi waliamka kwanza. Wananchi wengine walifuata mkumbo."

Tatu hakuandika pointi hata moja. Aliandika mistari mitatu, tena kwa Kiswahili: "Haukuanzia kwao. Babu yangu aligoma kwenye mkonge kabla karani hajajua kama kuna kugoma. Babu yangu hakufuata mkumbo."

Nikampa sifuri. Hiyo ningeweza kuitetea, maana mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Lakini sikuishia hapo. Niliisoma ile karatasi mbele ya darasa. Nikafika pale kwenye "babu yangu", nikaweka sauti ya kizee, nikakohoa kidogo, wenzake wakapasuka kwa kicheko. Tatu alikunja daftari lake, akakaa hivyo mpaka kengele.

Jumatatu hakuonekana. Jumanne hivyo hivyo. Alhamisi mama yake akaja ofisini na kitambaa cha kichwa mkononi, akaniambia kwa upole uliozidi kunitia aibu, "Madam, Tatu amekwenda kwa babu yake Masanze. Anasema mtihani wa taifa hafanyi. Baba yake amemsema, mimi nimemsema, hasikii. Anasema shule ni ya wajukuu wa watu wa suti."

Ile picha ya sebuleni nilikuwa nimewaonyesha darasani, jamani. Nilikwenda nayo siku ya kufundisha mada hiyo, nikaitembeza kiti kwa kiti.

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mtoto asipofanya Kidato cha Nne, mnajua wenyewe: mwaka ule mwingine haupo, wa kumlipia tena hayupo, na stendi ya vitunguu ipo. Nikaomba ruhusa Jumamosi, nikapanda basi la Kilosa kwenda Masanze.

Barabara ile mnaijua. Vumbi kiangazi, tope masika. Tukapita kijiji cha Ulaya, na kama kawaida kondakta akatania kwamba sisi ni watu wa bahati, tumefika Ulaya bila pasipoti. Siku hiyo sikucheka. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba ya kumwambia yule mzee: umuhimu wa elimu, pointi sita.

Mzee Athumani nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi na mkewe, Bibi Mwanahawa. Tatu alikuwa pembeni anapepeta. Aliniona, akainamisha kichwa kwenye ungo. Hakuniamkia. Kwetu kule, mtoto wa shule asipomwamkia mwalimu wake, hilo si jambo dogo.

"Shikamoo baba," nikasema. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu mzee. "Wewe ndiye mwalimu uliyekohoa?"

Hotuba yangu yote ikayeyuka palepale. Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Kohoa tena nisikie kama umeniweza."

Bibi Mwanahawa akacheka, akanisogezea kigoda. "Muache mgeni akae kwanza, Athumani. Tatu, mwamkie mwalimu wako." Tatu akasema shikamoo, lakini kwa kuiambia pumba.

Nikaomba radhi. Niliomba kwa dhati, kwa mzee na kwa mtoto, na mzee akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniambia jambo lililonishangaza. "Mwalimu, Tatu amekosea. Kuanza, walianza kina karani kweli. Mimi nilikuwepo."

Tatu akainua kichwa. Nilimwona hakutegemea hilo.

"Ila wewe," mzee akaendelea, "hujui kwa nini walianza. Unadhani ni kwa kuwa walikuwa na akili. Ngoja nikwambie habari ya Yohana."

Wanangu, nilitoa daftari. Mimi niliyekuwa nimezoea kuagiza watu watoe daftari.

Mzee Athumani alizaliwa kwenye kambi ya mkonge karibu na Kilosa, baba yake mtu wa kuja kutoka kusini kufuata kazi. Alikata mkonge kuanzia ndevu hazijaota. Yohana alikuwa karani wa ofisi ya wilaya, kijana wa vilimani, wa misheni, rika lake. Siku moja mzee, kijana wakati huo, alimuuliza baba yake kwa nini yeye hakupelekwa shule kama Yohana.

"Baba akaniambia, shule zipo, lakini mlango wake unapita kanisani. Shule zenyewe karibu zote ni za misheni. Za serikali chache, na ziko mbali, na zina watoto wa machifu. Ukiingia ya misheni Athumani, unatoka Antoni. Baba hakutaka Antoni. Kwa hiyo nisiseme sikuwa na akili. Sikuwa na mlango."

Nikaandika: mlango. Niliwahi kufundisha kwamba misheni zilitoa elimu. Sikuwahi kufundisha zilimpa nani na zilimwacha nani, na wakati huohuo nilikuwa nadai kwamba walioachwa walikuwa wamelala.

"Sasa Yohana akaenda bweni," mzee akasema. "Kule bweni kitanda cha kulia kwake Mhaya, cha kushoto Mngoni, cha mbele mtu wa pwani. Mimi kambini nilikaa na watu wa makabila hayohayo, lakini mnyapara alitupanga, kila kabila na safu yake ya vibanda, na tukigombana anafurahi. Yohana na wenzake wamesoma pamoja, wameimba kwaya pamoja, wamechapwa pamoja. Wakimaliza, mmoja karani Kilosa, mmoja mganga msaidizi huko ziwani, mmoja mwalimu kusini. Wanaandikiana barua. Mimi ndugu yangu kabisa alikuwa shamba la pili na sikujua kama anaumwa."

Mnaona? Ile pointi yangu ya pili, "lugha ya pamoja", ilikuwa imepata kitanda na blanketi. Mtu hawezi kuipigania nchi ambayo hajawahi kuiona ni moja, na wale vijana waliiona nchi nzima kwa sababu marafiki zao walikuwa wametawanyika humo, na serikali yenyewe ndiyo iliyowahamishahamisha kwa gharama zake.

"Halafu kuna ile meza yake," akasema Bibi Mwanahawa. "Mwambie ya meza."

"Meza, ndiyo. Amri ya matuta kwenda vilimani, aliipiga taipu Yohana. Amri ya kupunguza ng'ombe wa wafugaji, Yohana. Malalamiko ya sisi watu wa mkonge kuhusu kipande, aliyeyapokea na kuyaweka kwenye faili ni Yohana. Kipande ulikuwa unakijua, mwalimu? Karatasi ya siku zako za kazi. Kila siku ukimaliza fungu lako mnyapara anaweka alama. Usipomaliza, hata kama umebakiza jani moja, siku ile haipo. Hujui ilikwenda wapi. Sasa mimi hasira zangu, hata nilipogoma, zilikuwa kwa mnyapara. Mkulima wa kilimani hasira zake kwa jumbe aliyemsimamia matuta. Mfugaji kwa bwana mifugo. Kila mtu na adui yake mdogo. Yohana peke yake ndiye aliyeziona barua zote zinatoka kwenye droo moja."

Nilisimama. Sikukusudia, nilijikuta nimesimama na daftari mkononi. Miaka yote nilifundisha kwamba wasomi walijifunza uhuru kwenye vitabu vya Ulaya, na vitabu kweli vilikuwepo, na Biblia iliyosema watu wote ni sawa mbele za Mungu ilikuwepo pia, na mtu akiisoma asubuhi halafu mchana akaingizwa ofisini kwa mlango wa nyuma lazima ajiulize. Lakini droo! Hakuna kitabu kilichowahi kuniambia habari ya droo.

"Na yeye alikuwa na kidonda chake," mzee akasema. "Aliletewa kijana wa Kizungu amfundishe kazi. Akamfundisha kushika faili, akamfundisha Kiswahili. Mwaka haujaisha yule kijana ndiye bosi wake, na nyumba ya bati juu. Mimi sikuumia hivyo. Mimi sikuahidiwa kitu. Yeye aliahidiwa: soma, vaa kama sisi, sali kama sisi, utakuwa kama sisi. Akafanya vyote. Akafika mlangoni, mlango umefungwa."

Mzee alisema hivyo bila kejeli. Nilifikiria ile picha juu ya redio, babu yangu na tai yake, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza siku ile alikuwa anapiga picha kwa furaha au kwa hasira. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

"Basi wakaanzisha chama chao," nikasema, maana hapo nilikuwa najua.

"Wakaanzisha. Kila Jumapili jioni, chai na mkate. Wanaongea Kiingereza mpaka mbwa wanashangaa. Sisi tukawaita Wazungu weusi. Unajua waliomba nini barua yao ya kwanza? Nitoe siri? Waliomba waitwe Bwana kwenye barua, na wakisafiri kikazi wasikae behewa la nyuma. Ni haki yao, sikatai. Lakini mimi na kipande changu nilikuwa wapi humo? Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akaisoma, akawauliza swali moja tu: nyinyi mnasema kwa niaba ya nani?"

Bibi Mwanahawa akaacha kupukuchua. "Swali baya sana lile," akasema. "Na jibu hawakuwa nalo."

Yohana alikuja kambini kuwatafuta watu. Akapanda juu ya sanduku, akawahutubia habari za kujitawala, na nusu ya maneno yakiwa Kiingereza. Mzee Athumani anakumbuka alimwambia mwenzake kwamba huyu karani anauza dawa. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mwisho akabaki Yohana na sanduku lake.

"Na mimi," Bibi Mwanahawa akasema. "Nilibaki. Nilikuwa nasubiri nione kama atashuka bila kuanguka."

Bibi, wakati huo msichana, alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wanawake wa kambini. Alimfuata Yohana akamuuliza: hiki unachosema, kinahusu kipande? Yohana akajibu, bila shaka kinahusu. Akamwambia, basi kesho usiseme neno lingine lolote isipokuwa kipande. Ukienda vilimani, sema matuta. Kwa wafugaji sema ng'ombe. Ukishamaliza hapo ndipo uwaambie ni droo moja. Na Kiingereza kiache ofisini.

"Nikamwambia pia," akasema, "wanaume kukutana lazima kibali, na kibali anatoa huyohuyo Bwana Shauri. Ngoma hakuna anayeijali. Nyimbo tutazitunga sisi. Wale wa shamba la pili watazisikia Jumapili, na la tatu Jumapili inayofuata."

Na hivyo ndivyo ilivyokwenda. Nyimbo zilitembea haraka kuliko barua. Barua ya pili Yohana aliiandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na safari hii iliwataja wote, mkonge, matuta na ng'ombe, na mwisho ikaomba si kurekebishiwa tu bali watu wa nchi waitawale nchi yao. Kina Bibi wakaifunga kwenye khanga wakaizungusha kambi kwa kambi. Wasiojua kuandika walichovya dole gumba kwenye wino wa reli, ule wa kupigia mihuri, ambao kijana mmoja wa stesheni aliwaibia. Mzee akaninyooshea dole gumba lake la kulia. Lilikuwa na kovu la mwiba wa mkonge katikati.

"Bwana Shauri hakuuliza tena kwa niaba ya nani," akasema. "Alichofanya ni kumhamisha Yohana. Simu moja ya upepo, mtu kapanda treni, kwaheri. Halafu serikali ikakataza watumishi wake wote kuingia siasa. Karani akawa hana mdomo. Angekuwa peke yake, na zile chai zake, ingeishia hapo."

"Lakini haikuishia," akasema Tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea. Ungo alikuwa ameuweka chini, sijui saa ngapi.

"Ingeishaje? Mimi wanihamishie wapi? Kambi nzima, na vilima vyote, na wanawake na ngoma zao? Wenye maduka na madereva wa malori nao wakaingia. Watu wa namna hiyo hawana barua ya uhamisho."

Wanangu, nilikuwa natetemeka kwa furaha, na nawaambia hivyo bila haya. Nilikuwa nimeifundisha mada ile zaidi ya miaka kumi na ndiyo kwanza nilikuwa naielewa. Wasomi walianza kwa sababu ya mahali walipokaa: mlango waliopitia, bweni walilolala, meza waliyokalia, ahadi waliyovunjiwa. Na mahali hapohapo palipowaanzisha ndipo palipowafunga, kwa sababu waliongea lugha ya ofisi, waliomba mambo ya ofisi, na ofisi iliweza kuwanyamazisha kwa karatasi moja. Ikawa nguvu ya watu wote pale tu madai ya kila mtu yalipoingia ndani, kwa lugha ya watu, kupitia njia ambazo watu walikuwa nazo tayari.

Halafu nikamtazama Tatu na ungo wake, nikakumbuka nilivyokuwa nafundisha. Kiingereza. Pointi sita kwa rula. Kijana wa matuta amebandikwa kwenye kabati. Mimi nilikuwa bado kwenye ile chai ya Jumapili, nakula mkate, nashangaa kwa nini watu hawaji.

"Tatu," nikasema, "karatasi yako ninayo hapa." Nilikuwa nimeibeba kwenye mkoba, hata sijui niliibeba ili nifanye nini. "Nakusahihishia upya."

"Utanipa yote?"

"Hapana. Nakupa nane kwa kumi. Umeandika kwamba babu aligoma kabla, na ni kweli, lakini kumgomea mnyapara bado si utaifa. Utaifa ni mtu wa mkonge kuyaona matuta ya mtu wa kilimani kuwa shida yake pia, na kudai serikali. Babu mwenyewe amesema."

"Na zile sita zako wewe unajipa ngapi?"

Bibi akamwambia, "Wee Tatu." Lakini sikukasirika.

"Nne kwa kumi," nikasema. "Nilijua walianza. Sikujua kwa nini, na waliobaki niliwatukana."

"Basi andika kwamba ulikosea. Halafu utie sahihi, maana Jumatatu darasani watasema nimejiandikia mwenyewe."

Nikatoa ile kalamu nyekundu, nikaandika pale chini ya sifuri: Mwalimu amekosea. Nikaishusha kalamu ili niweke sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu niliyojifunza kwa babu yangu. Mzee Athumani akanishika mkono.

"Mwalimu, kwani siku ulipoipa karatasi hii sifuri, uliisoma?"

Nikasema ukweli. "Hapana baba. Sikuisoma. Niliikoholea."

"Asiyejua kusoma anaweka nini?"

Nikaivunja ile kalamu nyekundu kwa meno, wino ukanichafua mdomo, Bibi akacheka hadi akashika goti. Nikachovya dole gumba langu la kulia, nikalikandamiza juu ya sifuri mpaka ikafunikwa yote. Tatu akaichukua karatasi, akaipuliza ikauke, akaikunja ndani ya daftari. Akaenda ndani, akatoka na begi lake la shule.

Jumatatu aliibandika kwenye kabati la ofisi ya walimu, juu ya ile ya matuta. Hakuna aliyethubutu kuibandua, mimi wa kwanza. Kabla ya kengele akapita mezani kwangu, akasimama wima.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba, Tatu," nikasema, na nikakificha kidole, maana wino ulikuwa bado haujatoka.